Ujumbe wa Ami Husomwa kwa Sauti

Ami yangu hasomi ujumbe wa simu, husomewa. Macho yameingia mtoto wa jicho, na simu yenyewe ni kabambe ya vibonyezo, ya kupigia na kupokelea tu. Ujumbe ukilia humwita aliye karibu. Nikiwapo mimi, nasoma mimi. Nisipokuwapo, husoma mtoto aliyetoka chuoni na juzuu yake mkononi, au jirani aliyepita kumjulia hali, au mwenye punda aliyeleta mchanga wa kujengea. Ami huketi kwenye daka, fimbo magotini, akasema, "Haya mwanangu, soma," kisha akainamisha kichwa kusikiliza.

Vijana wetu walio mbali hawalijui hili, au wanalijua na kulisahau. Wanamwandikia vile wanavyoandikiana wenyewe, kwa kidole gumba, ndani ya matatu, jicho moja likiangalia wapi pa kushuka. Mdogo wangu aliye Mombasa ndiye hodari wao. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, na Ami ndiye aliyebaki kutusimamia, basi ujumbe wake kwa Ami hauishi: leo ruhusa, kesho ushauri, keshokutwa karatasi fulani iliyomo kabatini. Kazi ya kuugeuza iliniangukia mimi niliyebaki Lamu, hapa Mkomani, nyumba moja na Ami. Mwanzo niligeuza papo hapo, jicho likipita kwenye herufi na mdomo ukitoa sentensi. Baadaye nilimwambia mdogo wangu aniletee mimi kwanza, tuupange pamoja, kisha autume yeye mwenyewe kutoka simu yake.

Nianze na sikio, maana ndiko kila kitu kinakoanzia. Kuna siku alituma hivi: "2mefika salama, w2 wote wazima, m2 wa boti ana k2 chako gatini." Mimi nilikuwa sokoni. Aliyesoma ni mtoto wa jirani, mwenye bidii ya kutamka kila alichokiona, akasoma: "Mbili mefika salama, we mbili wote wazima, em mbili wa boti ana ka mbili chako gatini." Ami akaelewa kwamba kuna vitu vyake viwili gatini. Akamtuma mtu. Mtu wa boti akatoa bahasha moja, na kwa kuwa Ami alishasikia viwili, yule maskini akasimamishwa juani akiulizwa cha pili kakiweka wapi. Nilipofika nikaisoma simu, ikanibidi niende mwenyewe gatini kumtaka radhi.

Ufupisho huu haukuzuka kwa utovu wa adabu. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa, na wakati tulipokuwa tunalipia kila ujumbe peke yake, kuvuka hapo ilikuwa ni kulipa mara mbili. Vitenzi vyetu ni virefu. "Hatujakutana" pekee ni herufi 12. Basi vijana wakafanya 2 iwe "tu", 7 iwe "saba" kama kwenye "7bu", x iwe "s", na c iwe "si". Kwa jicho lililozoea, ni mwendo mzuri tu. Lakini ni maandishi ya jicho, hayana sauti. Mtu anayesomewa na mtoto hapokei ulichoandika, anapokea kile mtoto alichoweza kukitamka.

Katika herufi hizo zote, ninayoiogopa zaidi ni c, kwa sababu ndiyo inayobeba ukanushi. "Cji" ni siji. "Ctaweza" ni sitaweza. Lakini "nmeckia" ni nimesikia, na hapo c haikanushi lolote. Msomaji asiyezoea huiruka, na akiiruka, "ctaweza" inabaki "taweza," ambayo kwa masikio ya Kiamu ni ahadi kamili kwamba utaweza. Kwa hiyo kabla sijafikiria salamu wala heshima, ninafungua kwanza kila c na kuona ipi inakataa. Na kwa ujumbe wa mzee sipendi neno la kukataa litegemee silabi moja. Badala ya "sitaweza kuja" ninaandika "sitaweza kuja, nitabaki Mombasa," ili hata silabi ikimezwa na kelele za barabarani, sehemu ya pili imeeleza.

Siku za wiki nazo zina mtego wake. Vijana huandika J2, J3, J4 na J5, nao wana maana ya Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kwa kuifuata tarakimu iliyomo ndani ya jina. Ami, akisomewa "jei tano," huanza kuhesabu kwa vidole kutoka Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku kubwa kwake, na anapoishia hakuna uhusiano na mwenye kuandika. Saa ni balaa zaidi. Kijana anaandika "ntafika 2" akikusudia saa ya ofisini, yaani saa nane mchana. Ami anasikia saa mbili, na saa mbili kwake ni ya asubuhi, chai haijapoa bado. Halafu kuna suala la usiku. Kwa wazee wetu siku mpya huingia na magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kijana akiandika "Ij usiku" bila maelezo, wawili hao watangojana usiku tofauti.

Dawa niliyoipata ni kuzitegemea swala. Siandiki saa peke yake. Ninaandika "Jumatano baada ya alasiri" au "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa, baada ya Isha." Hapo hahitaji saa ya ukutani wala msomaji mwenye akili nyingi. Kama ni safari ninaandika na mahali: "Nitapanda basi alfajiri, nikifika Mokowe nitakupigia kabla ya kuvuka." Ami alikuwa nahodha wa jahazi. Akili yake hupanga safari kwa vituo, na ukimpa kituo anajua aanze kuwa na wasiwasi wakati gani.

Sasa nije kwenye ujumbe ulionifundisha zaidi ya mingine yote. Tulikuwa tunamposea mdogo wangu. Ami alishawatuma watu kwa upande wa binti, akapewa siku, akaikubali: Jumatano angekwenda na wazee wenzake kupeleka posa rasmi. Siku chache kabla, nikapokea kutoka Mombasa rasimu hii, ikiwa na swali "niitume?":

"Niaje Ami. Posa ya J5 isogezwe J2, doo bado. Ongea na babake. Nijibu chap."

Haifiki hata herufi 80. Kila kitu alichotaka kusema kimo, na sitii chumvi nikisema kila kimoja kingemuumiza Ami kwa namna yake.

"Niaje" ni salamu ya rika. Mtoto hamsalimu mzazi kwa kumuuliza mambo vipi, humwamkia. Hilo ni jepesi, ukibadilisha limekwisha. Zito ni "isogezwe." Ami ndiye aliyetoa neno mbele ya watu wengine. Ukiambiwa kitu kisogezwe, kana kwamba ni kiti, neno lako limehesabiwa si kitu, na mwenye kulivunja mbele ya wale wazee atakuwa wewe, si kijana aliyekaa Mombasa. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo ujumbe ulipaswa kufanya, kabla ya kuomba chochote, ni kuonyesha kwamba mwandishi anajua ameomba nini na kinamgharimu nani.

"Doo bado" ni ukweli mtupu, na kwa sababu hiyo hiyo haukufaa kuwekwa pale. Kumbuka nani anasoma. Kama angesoma yule mtoto wa jirani, kabla ya magharibi mtaa mzima ungejua kwamba kijana wetu anaposa hali mfuko mtupu, na habari ingewafikia wenyewe kabla ya wazee. Ami asingemlaumu mtoto. Angemlaumu aliyeandika. Mambo ya fedha, ya maradhi ya ndani na ya ugomvi wa nyumbani siyaweki kamwe kwenye ujumbe wa Ami. Ninaandika kwamba liko jambo, kwamba limemzuia, na kwamba litaelezwa kwa mdomo.

"Ongea na babake" ni amri, na juu ya amri, inamwita mkwe mtarajiwa "babake." Na "nijibu chap" inamwekea mzee muda. Mdogo wangu alijitetea kwamba alikuwa na haraka kweli, siku zilikuwa zimebaki chache. Sawa, lakini haraka ikiwa yako, wewe ndiye unayepiga simu. Humwambii mzee akupigie wala akujibu upesi. Kwa sababu hiyo hiyo, ule ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe, ambao vijana humtumia kila mtu salio likiisha, kwa Ami haufai hata ukiwa umeishiwa kabisa. Azima simu ya mwenzako.

Tulikaa kwenye simu jioni ile, yeye akiwa nje ya duka anakofanyia kazi, mimi darini. Sikuanza kuandika. Nilimuuliza maswali. Je, Jumapili fedha itakuwapo kweli, au unasogeza tu? Akasema mshahara wake utakuwa umeingia. Je, kesho baada ya Isha utakuwa na nafasi ya kumpigia Ami? Akasitasita, kwa sababu duka hufungwa usiku, kisha akasema ataomba ruhusa. Nilitaka kuyajua hayo kwa sababu ukishaiandika ahadi kwa maneno mazuri, mzee atakaa na simu mkononi akingoja. Tukatoka na hii:

"Assalaam alaykum Ami, shikamoo. Ni mimi mwanao wa Mombasa. Mimi mzima, alhamdulillah, naomba nawe umeamka salama. Ami, najua umeshatoa neno lako kwa wenyewe kuhusu Jumatano, kwa hivyo naona haya kusema hili. Maandalizi ya upande wangu hayajatimia. Ukiona yafaa, naomba tuwaombe watusogezee hadi Jumapili baada ya alasiri. Uamuzi ni wako Ami. Leo baada ya Isha nitakupigia nikueleze zaidi, inshallah. Nisalimie wote nyumbani. Wasalaam."

Ni zaidi ya herufi 400, na simu huukata vipande vitatu, kwa sababu ujumbe mrefu hubeba herufi 153 kila kipande badala ya 160. Zile saba huchukuliwa na alama za kuviunganisha upya. Kwa siku hizi za bando si gharama ya kutajwa. Tahadhari yangu pekee ni vile vikatuni vya nyuso na mikono. Ukiweka kimoja tu, kipande kinashuka hadi chini ya herufi 70, na kwenye kabambe ya Ami kile kikatuni huonekana kijisanduku kitupu. Msomaji akikifikia husimama, akasema, "Hapa kuna kitu sikijui," na Ami hubaki akijiuliza amefichwa nini.

Tazama mpangilio wake. Anayeandika amejitambulisha, kwa sababu anayesikiliza haoni jina kwenye kioo, na mtoto anayesoma husahau kulitaja. Salamu imetangulia, hali imeulizwa. Kisha kabla ya ombi limekuja lile la kulitambua neno la Ami. Nililisisitiza hilo kuliko "tafadhali," ambayo humo haimo hata mara moja. Ombi lenyewe limejengwa kwa "naomba tuwaombe," maana yake mzigo unabebwa pamoja. Mdogo wangu aliandika awali "naomba uwaombe," nikalibadilisha: anayeaibika mbele ya watu asiwe mzee peke yake. Na "ukiona yafaa" si pambo. Inamwachia Ami mlango wa kukataa bila ya kuonekana amemkatalia mtu.

Alituma asubuhi. Nilikuwapo, nikasoma, polepole, nikipumzika palipo na nukta. Ami akasema, "Rudia hapo pa neno langu." Nikarudia. Akanyamaza kidogo, akaniagiza niandike: "Waalaykumu ssalaam, marahaba mwanangu. Nimelisikia. Nitakwenda mwenyewe kuwataka radhi uso kwa uso, haya si mambo ya simu. Jumapili siitaki, nasikia wana hitma. Tutawaomba Jumamosi. Nipigie baada ya Isha kama ulivyosema." Kumbe Ami alikuwa na habari ambazo sisi hatukuwa nazo. Lau angeamrishwa Jumapili, angeweza kuipeleka hiyo hiyo Jumapili kama alivyoambiwa, wakaenda wakakuta watu wamekusanyika kwa hitma. Kuachiwa uamuzi ndiko kulikompa nafasi ya kusema anachokijua.

Baada ya hapo mdogo wangu alichangamka kupita kiasi. Akaanza kuleta rasimu zenye "mpendwa Ami wangu," "tafadhali sana kwa unyenyekevu mkubwa," na "samahani" tatu mstari mmoja. Moja ilipita bila ya mimi kuiona. Ami alisomewa yote, akauliza, "Anataka shilingi ngapi?" Hakutaka hata shilingi, alikuwa anauliza tu kama kanzu ya marehemu baba ipo. Heshima iliyozidi jambo lake humfanya mzee angoje jambo kubwa, na lisipokuja hushuku limefichwa. Kwa kuulizia kanzu, salamu, swali, na kuaga vinatosha.

Ugumu mwingine ni pale ninapobaki kuwa msomaji tu, ujumbe umeshaingia kwenye simu ya Ami, mfupi na mkavu, naye amekaa anasubiri. Nimejiwekea mipaka. Kufungua herufi zilizofupishwa, hilo ni haki. "Tuma" kuisoma "anaomba umtumie," nalo naliona halali, kwa sababu najua mwandishi angesema hivyo angekuwa amesimama mbele yake. Kumtolea salamu ambayo hakuiandika sifanyi, na wala haifai kitu, kwa sababu Ami huwa anajua. Ujumbe ukiingia bila salamu, nikamaliza kusoma, hujibu peke yake hapo hapo, "Waalaykumu ssalaam," taratibu, akiitazama barabara. Ndivyo anavyoonyesha kilichokosekana. Dalili nyingine ni "haya" moja isiyofuatwa na neno, au kumjibu kijana kupitia kwa mama yake badala ya kumjibu mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa. Ikitokea, usiandike tena, piga simu.

Mfano mgumu kuliko yote ni herufi moja: "k." Ami alikuwa amemwandikia mpwa mmoja aliyeko Nairobi, kupitia mkono wangu, maneno marefu ya kumuasa kuhusu deni la watu, amlipe mwenyewe kabla mwezi haujaandama. Jibu likaja: k. Ami akauliza, "Kasema nini?" Ningeweza kusema, "Amesema amekusikia na atafanya," na nyumba ingekuwa na amani siku ile. Lakini "k" ya kijana yule huenda ni nimeona, huenda ni sawa, huenda ni niachie. Ukiigeuza kuwa ahadi umemwekea mtu deni la pili juu ya lile la kwanza. Nikamwambia Ami, "Ujumbe umefika, maneno yake hayajakamilika, nitamuuliza." Nikampigia yule mpwa, akasema anakusudia kulipa nusu tu. Basi hilo ndilo aliloandika baadaye: "Nimekusikia Ami, nashukuru kwa nasaha yako. Nitalipa nusu mwezi huu, nusu iliyobaki naomba nikueleze nikija." Ami hakufurahi na nusu, lakini alijua anachokasirikia.

"Inshallah" nayo naichunga kwa mpaka huo huo. Vijana huitumia kufungia jambo wasilokusudia kulifanya. Ami akiisikia hulitia jambo hesabuni. Kama hutakuja, sema hutakuja, kisha sema "Mwenyezi Mungu akijaalia tutaonana" bila ya kuitajia siku.

Fedha za M-Pesa huja na ujumbe wao wenyewe, wenye jina na kiasi na saa, na hapo hakuna la kugeuza. Ila ule hauhesabiki kuwa ni wako. Mwenye kutuma hufuatisha wake papo hapo: "Ami, shikamoo, nimekutumia kidogo nilichojaaliwa cha chai na sukari, usikitazame uchache wake." Kiasi asikitaje tena, kimeshasomwa kwa sauti mara moja na yatosha.

Hayo yote ni ya siku ya kawaida. Siku ya dharura mpangilio hugeuka, na mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa ameizoea ile rasimu ndefu, aliniuliza salamu ziwekwe wapi kama kuna jambo la kushtua. Tukakubaliana: salamu moja fupi, kisha usalama wa watu, kisha tukio, kisha unachokifanya. Tukio lisitangulie usalama, kwa sababu mzee akishasikia tukio hasikii kinachofuata, na msomaji mwoga anaweza kuishia hapo akaanza kupiga yowe.

Haikuchukua muda kabla ya kuhitajika. Alikuwa anakuja kwa ajili ya maandalizi ya arusi, amevuka kutoka Mokowe jioni na upepo, mashine ya boti ikazimika katikati ya mkondo. Ujumbe ulioingia ulikuwa huu: "Assalaam alaykum Ami. Sote wazima. Boti imezimika mashine, boti nyingine inakuja kutuvuta. Nitakupigia nikishuka gatini." Aliyesoma ni yule yule mtoto wa jirani wa vitu viwili, na safari hii hakujikwaa popote. Ami alinitazama, akauliza upepo unavuma kutoka wapi, akaambiwa kusi. Akasema mkondo wa saa zile utawaleta huku huku, akaniagiza nimwandikie, "Waalaykumu ssalaam. Mwambie nahodha asitupe nanga, amwachie mwenye kuvuta," kisha akaomba viatu vyake.